Kutoka vilele hadi mchemraba: kusoma grafu ya eksirei ya unga wa shaba na msumari

Mwanafunzi aliniwekea karatasi mezani. Grafu ya unga wa msumari, vilele sita vimesimama kwa mpangilio, na chini yake ameandika kwa kalamu nyekundu: "Chuma ni mchemraba sahili, upande wake angstromu 2.03." Nikapitia hesabu yake mstari kwa mstari, sikuona kosa. Saini za pembe sahihi, mraba sahihi, uwiano sahihi. Jibu tu ndilo halikuwa sahihi.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu kama yeye: umeshapata grafu kutoka kwenye mashine, fomula unayo, sasa unataka kujua atomi zimepangwaje. Tutaanza na waya wa shaba kwa sababu shaba haifichi kitu. Kisha tutarudi kwenye msumari, ambao una hila yake.

Sharti la kurudisha mwale

Ndani ya fuwele atomi zimekaa kwa matabaka, kama matofali kwenye ukuta. Umbali kutoka tabaka moja hadi jingine tuuite d. Eksirei zikiingia, sehemu ndogo inarudishwa na tabaka la juu, sehemu nyingine inapenya na kurudishwa na tabaka la pili, la tatu, na kuendelea. Mwale uliorudishwa na tabaka la pili umetembea zaidi: umeshuka d sin θ na kupanda d sin θ nyingine. Ziada hiyo ikilingana na wimbi moja zima, au mawili, au matatu, mawimbi ya matabaka yote yanatoka yakiwa mgongo kwa mgongo na bonde kwa bonde, yanajumlishana, na kipokezi kinaona mwanga mkali. Isipolingana, maelfu ya matabaka yanavurugana na hakitoki kitu. Ndiyo maana vilele ni vyembamba, na katikati yake pako kimya.

```
n λ = 2 d sin θ
```

William Lawrence Bragg aliliwaza jambo hili mwaka 1912 akiwa kijana wa miaka 22 huko Cambridge, miezi michache baada ya kundi la Max von Laue kule Munich kuonyesha kwamba fuwele hutawanya eksirei. Mwaka 1915 yeye na baba yake walipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo.

Kuna mambo mawili kwenye fomula hii yanayowakwaza watu. La kwanza ni θ yenyewe. Katika somo la mwanga shuleni tulizoea kupima pembe kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya kioo. Hapa pembe inapimwa kutoka kwenye tabaka lenyewe. La pili ni kwamba mashine haikupi θ. Inakupa 2θ, yaani pembe kati ya njia ambayo mwale ungepita moja kwa moja na njia uliyoishia kuifuata. Kila namba unayosoma chini ya grafu igawe kwa mbili kabla ya kuitafutia saini. Ukisahau, hutapata onyo lolote. Utapata tu uwiano wa ajabu usiofanana na kitu.

Herufi n nayo tunaiondoa. Badala ya kusema "wimbi la pili kutoka tabaka (100)", tunasema "tabaka (200)", lenye nusu ya umbali. Hesabu ni ileile, ila inakuwa nyepesi.

Kutoka d kwenda kwenye namba nzima

Kwenye fuwele ya mchemraba, kisanduku kidogo kinachojirudia kina pande tatu zinazolingana, kila moja ina urefu a. Tabaka lenye namba za Miller h, k, l, yaani zile namba nzima tatu zinazolitaja tabaka, kama 2, 0, 0 kwenye (200), lina umbali

```
d = a / √(h² + k² + l²)
```

Ukiingiza hii kwenye sharti la Bragg na kuweka mraba pande zote, unapata

```
sin²θ = (λ² / 4a²) × N,   N = h² + k² + l²
```

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Kilichomo kwenye mabano ni kilekile kwa vilele vyote vya sampuli yako, maana urefu wa wimbi hubadilishi na upande wa kisanduku haubadiliki. Kwa hiyo ukigawa sin²θ ya kilele kimoja kwa sin²θ ya kingine, λ na a zinakufa, na kinachobaki ni uwiano wa namba nzima mbili. Unaweza kujua mpangilio wa atomi kabla hujajua ukubwa wa kisanduku.

N haiwezi kuwa namba yoyote. Ni lazima iwe jumla ya miraba mitatu. 1 inawezekana (1+0+0), 2 inawezekana, 6 inawezekana (4+1+1). 7 haiwezekani: jaribu utakavyo, hakuna miraba mitatu ya namba nzima inayotoa 7. Ikumbuke hiyo saba, maana ndiyo itakayoamua kesi ya msumari.

Kwa nini vilele vingine havionekani

Mchemraba sahili, wenye atomi kwenye pembe tu, unaonyesha kila N inayowezekana: 1, 2, 3, 4, 5, 6, 8.

Sasa weka atomi moja katikati ya kisanduku. Tazama matabaka yaliyo sambamba na sakafu. Tuseme umefika kwenye pembe ambapo mwale wa sakafu na mwale wa dari wanapishana wimbi moja zima, kwa hiyo unategemea kilele. Lakini zile atomi za katikati nazo zimejipanga tabaka lao, nusu ya njia kati ya sakafu na dari. Wao wanarudisha wimbi lililopishana nusu, mgongo wao umeangukia kwenye bonde la wenzao. Idadi ya atomi kwenye tabaka hilo ni sawa na ya sakafu, hivyo wanafutana kabisa. Kilele cha N = 1 kimekufa, na hakikufa kwa udhaifu wa mashine. Ukiendelea na hoja hiyohiyo kwa matabaka mengine utakuta kwamba kwenye mchemraba wenye atomi katikati hupona tu vile ambavyo h + k + l ni shufwa: N = 2, 4, 6, 8, 10, 12, 14.

Kwenye mchemraba wenye atomi kwenye nyuso, masharti ni makali zaidi. h, k na l lazima zote ziwe shufwa au zote ziwe witiri, zikichanganyika, zinafutana. Zinazobaki ni N = 3, 4, 8, 11, 12, 16, 19.

Jicho likizoea huhitaji hata kikokotoo. Wenye atomi kwenye nyuso unajionyesha kwa mdundo: vilele viwili vimekaribiana, kimoja kimejitenga, kisha viwili tena vimekaribiana. Wenye atomi katikati unatembea kwa hatua zinazokaribia kulingana.

Kuandaa unga wa shaba

Chukua waya wa umeme, menya plastiki, kisha ukwangue kwa tupa safi. Usiweke waya wenyewe kwenye mashine. Waya umevutwa kiwandani, kwa hiyo fuwele zake zimeelekea upande mmoja, na vilele vingine vitakuwa vifupi mno au havitaonekana. Tunataka unga ili kuwe na chembe nyingi mno, kila moja imetazama upande wake, na kwa kila tabaka ziwepo chembe zilizokaa kwenye pembe inayotakiwa.

Tupa inaleta matatizo mawili. Kwanza inaacha chembe zake za chuma ndani ya shaba, na kilele kikubwa cha chuma kinaangukia nyuzi 44.7, jirani kabisa na kilele cha kwanza cha shaba. Pitisha sumaku iliyofungwa kwenye karatasi juu ya unga mara mbili tatu. Shaba haishikwi, chuma kitapanda. Pili, kukwangua kunazikunja fuwele, na fuwele iliyokunjwa inatoa kilele kipana kama kichuguu. Ukiona hivyo, pasha unga moto kwenye tanuri kisha uache upoe taratibu, lakini usifanye hivyo kwenye hewa ya wazi. Shaba ya moto inashika oksijeni, na utaanza kuona vilele vya wageni karibu na nyuzi 36 ukashangaa vimetoka wapi. Tumia ombwe au gesi ya ajizi kama agoni.

Pakia unga kwenye kishikio, ukandamize kwa kioo bapa mpaka uso wake uwe sawasawa na ukingo. Sawasawa kabisa, si juu, si chini. Nitarudi hapo.

Mashine nyingi zina tyubu ya shaba, na urefu wa wimbi ni angstromu 1.5406. Ni sadfa tu kwamba sampuli nayo ni shaba. Anza nyuzi 30 za 2θ, nenda mpaka 100, hatua ya 0.02. Tyubu hutoa pia wimbi fupi zaidi, liitwalo Kβ; hakikisha kichujio cha nikeli au kifaa kingine cha kuliondoa kipo. Kisipokuwepo, kila kilele kikubwa kitakuwa na mtoto upande wa kushoto. Kwa shaba huyo mtoto wa kwanza anakaa karibu na nyuzi 39.

Hesabu ya shaba

Shaba safi inatoa vilele vitano kabla ya nyuzi 100: 43.31, 50.44, 74.12, 89.93 na 95.14. Mdundo umeuona? Viwili, kimoja, viwili.

Ziingize kwenye jedwali la Excel, safu A, kuanzia mstari wa pili. Kisha:

```
B2:  =SIN(RADIANS(A2/2))^2
C2:  =B2/B$2
```

Neno RADIANS usiliache. Excel haifahamu nyuzi, na ukiipa 21.655 itadhani ni radiani na kukurudishia namba inayoonekana ya kawaida kabisa.

Matokeo ni haya:

| 2θ | sin²θ | uwiano | × 3 | N |
|---|---|---|---|---|
| 43.31 | 0.1362 | 1.000 | 3.00 | 3 |
| 50.44 | 0.1816 | 1.333 | 4.00 | 4 |
| 74.12 | 0.3632 | 2.667 | 8.00 | 8 |
| 89.93 | 0.4994 | 3.667 | 11.00 | 11 |
| 95.14 | 0.5448 | 4.000 | 12.00 | 12 |

Uwiano wa kilele cha pili, 1.333, unakupigia kelele: hii ni theluthi. Zidisha safu yote kwa 3 na namba nzima zinajitokeza zenyewe. 3, 4, 8, 11, 12 ni orodha ya mchemraba wenye atomi kwenye nyuso, na hakuna orodha nyingine inayoanza hivyo.

Sasa gawa kila sin²θ kwa N yake. Zote zinatoa 0.0454. Hatua hii usiiruke hata kama umeshatosheka, kwa sababu ndiyo inayokuambia kama N moja umeipachika vibaya. Iliyopotoka itajitenga mara moja. Baada ya hapo:

```
a = λ / (2 √0.0454) = 1.5406 / 0.4261 = 3.615 Å
```

Na hiyo ndiyo shaba.

Wakati mwingine uwiano unakuja vibaya, na chanzo cha kwanza cha kukagua ni kama kweli kilele chako cha kwanza ni cha kwanza. Ungeanza kupima nyuzi 46 ungekosa kile cha 43.31, na uwiano ungekuwa 1, 2, 2.75, 3. Haufanani na orodha yoyote mpaka uzidishe kwa 4. Kwa hiyo jaribu kuzidisha kwa 2, 3, 4 kabla ya kusema sampuli si mchemraba. Chanzo cha pili ni kwamba vilele vya mwisho kulia hupasuka viwili. Tyubu ya shaba inatoa mawimbi mawili yaliyokaribiana sana, Kα1 ya 1.5406 na Kα2 ya 1.5444. Kwenye nyuzi 43 yanatengana kwa sehemu ya kumi tu ya nyuzi na huyaoni, lakini kwenye 95 yanatengana kwa 0.3. Mtu asiyejua atavihesabu vilele viwili na kutafuta N mbili. Chukua kile kirefu, cha kushoto, ndicho cha 1.5406. Kile kifupi kina karibu nusu ya urefu wake, na hiyo ndiyo alama ya kumtambua.

Unga ulioshuka kishikioni

Siku moja nilipima shaba hiyohiyo kwa haraka, mtu mwingine anasubiri mashine, na sikukandamiza unga vizuri. Uwiano ulitoka sawa, ila a zilikuwa zinatembea: kilele cha kwanza kilinipa 3.626, cha mwisho 3.618, na vya katikati vikishuka kwa utaratibu. Nilimlaumu kila mtu isipokuwa mikono yangu. Kumbe unga ulikuwa umeshuka chini ya ukingo.

Sampuli ikikaa chini kwa umbali s, kilele kinahamia kushoto kwa

```
Δ(2θ) = 2 s cos θ / R      (radiani)
```

R ni umbali kutoka sampuli hadi kipokezi. Kwa R ya milimita 240 na unga ulioshuka milimita 0.3 tu, kilele cha kwanza cha shaba kinahama nyuzi 0.13. Kinachosaidia ni hiyo cos θ: kadiri pembe inavyokua, kosa linapungua, na kuelekea 2θ ya nyuzi 180 linakufa. Kwa hiyo a zikishuka au kupanda kwa mpangilio, zichore dhidi ya cos²θ ÷ sin θ, pitisha mstari, na usome inapogusa sifuri. Zikirukaruka bila mpangilio, hilo si kosa la urefu wa sampuli, ni la kusoma vilele. Na kama unataka kujua aina ya mchemraba tu, si a ya tarakimu nne, kosa la aina hii halikuzuii.

Msumari

Turudi sasa kwa mwanafunzi. Msumari wa kawaida, si ule uliopakwa zinki, unakwanguliwa vilevile. Ukiuweka kwenye mashine yenye tyubu ya shaba, kitu cha kwanza utakachokiona ni sakafu ya grafu imepanda juu, vilele vinachungulia kama visiwa maji yakijaa. Mashine haijaharibika. Eksirei za tyubu ya shaba zina nishati ya kiloelektronivolti 8.05, na atomi za chuma zinaanza kuzimeza kuanzia 7.11. Zinameza, kisha zinatoa eksirei zao wenyewe kila upande. Kipokezi kinachochagua nishati kitazikata. Kama huna, ongeza muda wa kupima.

Vilele vinatokea 44.67, 65.02, 82.33, 98.94, 116.38 na 137.15. sin²θ zake ni 0.1444, 0.2889, 0.4333, 0.5777, 0.7221 na 0.8666. Gawa kwa ya kwanza: 1, 2, 3, 4, 5, 6.

Unaona shida. Hiyo ni orodha ya mchemraba sahili, herufi kwa herufi. Lakini zidisha kwa mbili, unapata 2, 4, 6, 8, 10, 12, ambayo ni orodha ya mchemraba wenye atomi katikati. Orodha hizo mbili ni pacha mpaka kilele cha sita. Zinaachana kwenye cha saba: mchemraba sahili unaruka kwenda 8 kwa sababu 7 haiwezekani, na mwenzake unaendelea na uwiano wa 7, maana kwake ni N = 14, na 14 ni 9 + 4 + 1.

Basi tafuta kilele cha saba! Hapo ndipo msumari unapokucheka. Saba mara 0.1444 ni 1.011, na hakuna pembe duniani ambayo mraba wa saini yake unazidi moja. Kwa wimbi la 1.5406, kilele cha kuamua kesi hakipo kabisa. Hata usubiri mpaka kesho.

Kuna njia mbili za kutoka. Ya kwanza ni kubadili tyubu. Molibdeni ina wimbi fupi, 0.7093, na kwake kilele cha saba cha chuma kinakaa karibu na nyuzi 55, sehemu ya wazi kabisa. Angalia lakini: mtu anayekushauri tyubu ya kobalti ili kushusha ile sakafu anakusaidia upande mmoja na kukukwamisha mwingine. Kobalti haiamshi chuma, kweli, ila wimbi lake ni refu zaidi, 1.789, na utabaki na vilele vitano tu.

Njia ya pili haihitaji mashine, na mimi ndiyo ninayoipenda. Ni densiti. Ukisema mchemraba ni sahili, a inatoka 2.027 na kila kisanduku kina atomi moja. Ukisema una atomi katikati, a inatoka 2.867 na kila kisanduku kina atomi mbili. Atomi moja ya chuma ina gramu 92.7 × 10⁻²⁴, na angstromu moja ya ujazo ni sentimita za ujazo 10⁻²⁴, kwa hiyo vipeo vinakatana:

```
sahili:           1 × 92.7 / 2.027³ = 92.7 / 8.33   = 11.1 g/cm³
atomi katikati:   2 × 92.7 / 2.867³ = 185.4 / 23.57 = 7.87 g/cm³
```

Nilimpa yule mwanafunzi mizani, silinda ya kupimia na misumari.

"Mwalimu, nipime misumari kwa maji?"

"Pima. Gramu mia moja."

Akaidondosha mmojammoja, akagonga silinda ili mapovu yatoke. Maji yalipanda mililita kama kumi na tatu hivi. Mchemraba wake sahili ungetaka yapande tisa tu, maana ungekuwa msumari unaokaribia uzito wa risasi. Akaitazama silinda, akaitazama karatasi yake, akafuta 2.03 na kuandika 2.867.

Tofauti kati ya majibu hayo mawili daima ni mara 1.414, kipeuo cha pili cha mbili, kwa hiyo hata kipimo kibaya cha densiti kinatosha kuamua. Na si kila metali inaficha kilele cha saba. Tangsteni nayo ina atomi katikati, lakini kisanduku chake ni kikubwa zaidi, 3.165, na hata kwa tyubu ya shaba kilele cha saba kinaonekana nyuzi 131.2. Kama mashine yako inafika huko, unamaliza kwa jicho.

Pale ambapo hata cha saba kinadanganya

Kuna sampuli moja unayoweza kuipata kwa muuza pembejeo: kloridi ya potasiamu, ile mbolea ya MOP, ikiwa nyeupe na safi. Vilele vyake vinaanza 28.35, 40.5, 50.2, na uwiano unakwenda 1, 2, 3, 4, 5, 6, kisha unaruka saba na kutua 8. Kwa sheria tulizotumia hapa, huu ni mchemraba sahili bila ubishi, upande wake 3.147.

Pima tena kwa densiti, ambayo ni 1.98. Kisanduku cha 3.147 kina ujazo wa 31.2, kwa hiyo masi iliyomo ni 61.7 × 10⁻²⁴ gramu, sawa na 37 kwa kipimo cha masi za atomi. Potasiamu ni 39.1, klorini ni 35.5. Hiyo 37 si potasiamu wala klorini, ni wastani wao.

Eksirei hazioni viini vya atomi, zinaona elektroni. Ioni ya potasiamu ina elektroni 18, ioni ya kloridi nayo ina 18. Kwa eksirei hao ni mtu mmoja, na kisanduku kinachojirudia kinaonekana kuwa na upande wa nusu tu ya ule wa kweli, ambao ni 6.29. Kina Bragg walikutana na fumbo hili mwaka 1913, na wakalifumbua kwa kuilinganisha na chumvi ya mezani, ambayo sodiamu yake ina elektroni 10 tu. Ukiipima chumvi utakiona kilele kidogo nyuzi 27.4, kushoto kwa kile kikubwa cha 31.7. Hicho ndicho (111), kinachobaki pale aina mbili za ioni zinapokosa kufutana sawasawa. Kwenye mbolea, mahali pake ni karibu nyuzi 24.5. Kapime hapo uone sakafu karibu tupu.